Deni lililofutwa lina historia: kukagua mikopo ya wateja kwa kuanzia mwisho

Dawa ya deni kulipa, ndivyo tunavyosema. Kwenye vitabu vya kampuni kuna dawa ya pili ambayo haitajwi sana nje ya ofisi ya fedha, nayo ni kulifuta. Meneja anaandaa orodha, mkurugenzi anatia saini, mhasibu anaingiza mstari mmoja kwenye leja, na mteja aliyekuwa anadaiwa mamilioni anatoweka kwenye ripoti zote. Hatokei kwenye orodha ya wanaokimbizwa wala hatumiwi barua ya kuthibitisha salio, na kwenye kikao cha Jumatatu hakuna anayeuliza habari zake.

Kwa sababu hiyo, kazi ya ukaguzi wa ndani wa mikopo ya wateja mimi huianzia mwisho, kwenye madeni yaliyofutwa. Wakaguzi wengi hufuata mkondo wa biashara: fomu ya kuomba mkopo, ukomo wa kiasi cha kukopeshwa, agizo, ankara, ukusanyaji, na mwishoni kabisa madeni mabaya. Mpangilio huo ni mzuri kwenye vitabu vya mafunzo. Shida yake ni kwamba muda wa kazi huisha mkaguzi akiwa bado anahesabu saini kwenye fomu, na yale madeni ya mwisho huangaliwa kwa haraka siku moja kabla ya ripoti. Ukianza na deni lililofutwa na kurudi nyuma hatua kwa hatua, deni lenyewe linakuonyesha ni udhibiti upi uliolala.

Nitaeleza njia hiyo kwa kisa kimoja. Nimekisuka kutokana na mambo yanayojirudia kwenye kazi hii, kwa hiyo kampuni haina jina na tarakimu ni za mfano. Kampuni iko Dar es Salaam na inasambaza saruji, nondo na mabati kwa maduka ya vifaa vya ujenzi mikoani. Kwa mwaka mmoja imefuta madeni ya wateja saba. Mmoja ni mwenye duka Morogoro, deni lake shilingi milioni 38.4. Tumwite mteja wa Morogoro, inatosha.

Kabla ya kufungua faili lake, kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku ambayo ni lazima tuyatenganishe. Kutenga akiba ya deni baya si kufuta deni. Unapotenga akiba unakiri kwamba huenda hutalipwa, lakini deni linabaki kwenye leja, mteja anaendelea kudaiwa na jina lake linaendelea kuonekana. Kiwango cha uhasibu cha IFRS 9, kinachotumika tangu Januari 2018, kinaitaka kampuni itenge akiba hiyo mapema kwa kukadiria hasara inayotarajiwa, bila kusubiri mteja afilisike. Kufuta ni hatua nyingine. Kiwango hichohicho kinasema deni huondolewa kwenye vitabu pale ambapo hakuna tarajio la msingi la kulipwa. Maneno hayo ndiyo kipimo cha mkaguzi. Swali analouliza ni hili: kampuni ilijuaje kwamba tarajio limekwisha? Umri wa deni pekee hautoshi kuwa jibu.

Jambo la tatu husahaulika na wengi: kufuta deni kwenye vitabu hakumsamehe mteja. Anadaiwa bado. Mkataba haujafa, na kwa sheria ya ukomo wa mashauri ya Tanzania, kama ilivyo Kenya, dai la mkataba linaweza kupelekwa mahakamani ndani ya miaka 6. Kwa hiyo kampuni makini hubaki na daftari la pembeni la madeni yaliyofutwa, na kila jina lina mtu anayelifuatilia. Uliza daftari hilo liko wapi siku ya kwanza. Ukiambiwa halipo, maana yake ni kwamba mteja aliyefutwa akija kulipa kesho, hakuna mahali panapomtarajia, na fedha zake zinaweza kuingia mfukoni mwa yeyote bila leja kulalamika.

Sasa tufungue faili. Sera ya kampuni inampa meneja wa fedha mamlaka ya kufuta hadi milioni 5, mkurugenzi mtendaji hadi milioni 20, na zaidi ya hapo ni bodi. Deni la Morogoro lilikuwa milioni 38.4, na bodi haikuwahi kulisikia. Lilifutwa mara mbili: milioni 19.6 Machi 2025, kisha milioni 18.8 Juni. Kila kipande kina saini halali ya mkurugenzi. Mkaguzi anayechukua sampuli ya hati za kufuta deni na kuangalia saini dhidi ya kiwango cha mamlaka ataweka alama ya vema mara mbili na kwenda chai.

Ndiyo maana kipimo cha idhini hakifanywi kwa hati mojamoja. Panga madeni yote yaliyofutwa kwa jina la mteja, jumlisha kwa miezi 12 au zaidi, ndipo ulinganishe na mamlaka. Jumlisha pia kwa namba ya mlipakodi na namba ya simu, maana duka moja linaweza kuwa na akaunti mbili zenye majina yanayofanana nusu. Halafu ongeza kitu ambacho watu hukisahau, yaani hati za kupunguza deni, zile ambazo ofisini wengi huziita kredit noti. Hati hiyo hutolewa mzigo unaporudishwa au bei inapokosewa. Lakini hati ya milioni 4 iliyoandikwa "marekebisho", bila mzigo kuingia stoo, ni deni lililofutwa kwa mlango wa nyuma, tena kwa saini ya mtu mdogo zaidi. Kila hati ya aina hiyo itafutie maandishi ya stoo ya kupokea bidhaa zilizorudi. Usipoyapata, iingize kwenye jumla ya madeni yaliyofutwa.

Mkurugenzi nilipomuuliza kuhusu vipande viwili alijibu kwamba ndivyo vilivyomfikia mezani. Inawezekana kabisa. Mkaguzi asikimbilie kumhukumu aliyetia saini, aangalie nani aliandaa. Hati zote mbili ziliandaliwa na afisa mauzo wa kanda, yuleyule aliyempata mteja, aliyemuuzia na aliyekuwa anamkusanyia. Kazi tatu ambazo zilipaswa kuchungana zilikuwa kwa mtu mmoja.

Ndani ya faili mna barua tatu za kudai, kama sera inavyotaka: siku ya 30, ya 60 na ya 90. Zimeandikwa vizuri. Ila hakuna hata moja yenye saini ya kupokelewa, na zilipotafutwa kwenye kompyuta ya ofisi, mafaili yote matatu yalionekana yametengenezwa mchana mmoja wa Machi 2025. Hakuna ripoti ya kumtembelea mteja wala barua ya wakili. Kuna sentensi moja tu: "Mteja amefunga duka na hapatikani."

Sentensi hiyo inapimika. Nauli ya basi kwenda Morogoro si kitu mbele ya milioni 38.

Kabla ya safari kuna adabu moja ya kazi. Unapoona dalili za udanganyifu, unamjulisha mkuu wa ukaguzi na kamati ya ukaguzi ya bodi kwanza, unahifadhi nakala za kumbukumbu za mfumo mahali salama, na humwambii afisa mauzo kwamba unakwenda. Barua ya kuthibitisha salio nayo haipiti mikononi mwa idara ya mauzo. Unaiandika wewe, unaipeleka wewe, na majibu yanakuja kwako. Nimeshuhudia barua za uthibitisho zikirudi zote zimekubaliwa, kwa mwandiko wa mtu mmoja.

Duka lilikuwa wazi. Mwenyewe alikuwa anapimia mteja waya wa madirisha. Alipoambiwa anadaiwa milioni 38.4 alicheka kwanza, kisha akaingia ndani akatoka na daftari la shule lililokunjwa pembe. Humo alikuwa ameandika malipo manne aliyompa afisa mauzo mkononi, kati ya Desemba 2023 na Machi 2024: milioni 3.0, milioni 2.7, milioni 3.5 na milioni 2.0. Jumla milioni 11.2. Kwa malipo mawili alikuwa na stakabadhi za kitabu cha kawaida cha dukani, si cha kampuni. Kwa mawili mengine alikuwa na ujumbe wa simu wa kutuma fedha kwenye namba binafsi. Alikiri bado anadaiwa, lakini si kiasi hicho. "Mimi nasubiri stetimenti sahihi, ndugu yangu," alisema. "Kila nikiomba naletewa karatasi tofauti."

Hapo mkaguzi ana maneno ya mtu mmoja na daftari. Hayatoshi. Mteja naye anaweza kusema uongo, au akala njama na afisa. Lazima urudi kwenye leja uone fedha hizo zilikwenda wapi, na kwa kawaida hazikupotea zote kwa mkupuo. Mchezo uliozoeleka ni kuzungusha malipo. Afisa anakula fedha ya mteja wa kwanza. Mteja wa pili akilipa, fedha hiyo inaandikwa kwa wa kwanza ili asianze kudaiwa kwa nguvu. Wa tatu anamfunika wa pili, na mnyororo unaendelea hadi mtu mmoja aachwe na pengo. Huyo wa mwisho ndiye anayekuja kufutwa.

Kuna alama mbili za kuutambua mzunguko huo. Ya kwanza ni siku kati ya mteja kulipa na malipo kuandikwa kwenye akaunti yake. Chukua karatasi za benki na orodha ya miamala ya lipa namba, linganisha na tarehe za leja. Malipo ya kawaida huandikwa siku hiyohiyo au kesho yake. Ukikuta wateja wa afisa mmoja wanacheleweshwa siku 9, 12, 15, huku wa wenzake wakichukua siku moja, umepata pa kuchimba. Alama ya pili ni jina. Benki inaonyesha aliyeweka fedha, na muamala wa simu unaonyesha aliyetuma. Kama aliyetuma ni duka la Kilosa na leja imeandika duka la Mikumi, uliza kwa nini. Kwenye kisa chetu malipo ya wateja watano wa kanda hiyo yalikuwa yameandikwa kwa majina yasiyo ya waliolipa. Akaunti ya Morogoro ndiyo iliyobaki na shimo, kwa sababu fedha zake hazikugusa benki hata mara moja.

Mpaka hapa tumeeleza milioni 11.2. Lakini mteja mwenye ukomo wa milioni 15 na siku 30 za kulipa alifikaje milioni 38.4? Hapa ndipo kipimo cha ukomo wa mkopo kinapostahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndicho kinachofanywa vibaya kuliko vyote.

Kipimo kinachozoeleka ni kuchukua ripoti ya mwisho wa mwezi na kulinganisha safu mbili, salio na ukomo. Kampuni yenyewe ilikuwa inafanya hivyo kila mwezi. Mwishoni mwa Novemba 2023 mteja wa Morogoro alionyesha salio la milioni 14.4 dhidi ya ukomo wa milioni 15. Safi kabisa. Desemba vilevile, na Januari. Picha ya siku ya mwisho wa mwezi inaweza kupambwa kama nyumba inayongoja wageni. Ukomo una maana pale tu unapozuia mzigo kutoka, kwa hiyo unapimwa wakati wa kila agizo.

Ili kupima hivyo, toa miamala yote ya mwaka kwenye mfumo: mteja, tarehe na saa, aina na kiasi, ankara zikiwa chanya na malipo hasi. Halafu jenga upya salio la mteja kama lilivyokuwa kila muamala ulipofanyika. Kwenye Excel, kama safu A ni mteja, B ni tarehe na saa, na F ni kiasi, fomula hii inatosha:

```
=SUMIFS(F:F, A:A, A2, B:B, "<="&B2)
```

Data iwe na salio la kufungulia mwaka la kila mteja kama mstari wa kwanza, la sivyo jumla itakudanganya. Linganisha matokeo na ukomo uliokuwa halali siku hiyo, usitumie ukomo wa leo. Na kama kampuni huruhusu mzigo kutoka kabla ya ankara, ongeza maagizo yaliyoachiwa ambayo hayajatozwa, maana nayo ni deni tayari.

Kwa mteja wetu picha ilibadilika mara moja. Asubuhi ya tarehe 14 Novemba 2023 alikuwa anadaiwa milioni 12.2. Kabla ya saa saba mchana zilikuwa zimetoka ankara nne za jumla ya milioni 26.2, na salio likasimama kwenye milioni 38.4. Mfumo ulikuwa na kufuli la ukomo, sasa mbona haukuzuia?

Jibu lilikuwa kwenye kumbukumbu za mfumo za mabadiliko ya taarifa za wateja. Saa 5:42 asubuhi ukomo ulipandishwa kutoka milioni 15 hadi milioni 40. Saa 6:55 ukarudishwa milioni 15. Kufuli lilifunguliwa kwa saa moja na dakika 13, mzigo ukapita, likafungwa. Anayeangalia ukomo wa leo, au hata wa jioni ile, anaona milioni 15. Kwa hiyo usichukue sampuli ya wateja na kuangalia ukomo wao. Chukua orodha nzima ya mabadiliko ya ukomo, na kwa kila badiliko omba fomu ya idhini. Badiliko la kwenda juu na kurudi chini ndani ya siku moja lisikupite. Mabadiliko yale mawili yalifanywa kwa jina la kuingilia la mdhibiti wa mikopo, ambaye rekodi za idara ya utumishi zinaonyesha alikuwa likizo wiki ile. Nywila yake ilikuwa imebandikwa pembeni ya skrini, kwa nia njema, ili kazi isikwame.

Kuna mtego mwingine wa kitaalamu nitaugusa tu: kwenye baadhi ya mifumo, ukomo ulioachwa tupu au ulioandikwa sifuri husomeka kama "hana ukomo", haumaanishi "asikopeshwe". Chuja wateja wote wenye sifuri au nafasi tupu uone mfumo wenu unawafanyaje.

Bado hatujaeleza ile milioni 14.4 ya mwisho wa mwezi. Mteja, kama wafanyavyo wengi, alikuwa ameacha hundi tatu za tarehe ya mbele, milioni 8 kila moja, kama dhamana. Tarehe 29 Novemba hundi hizo zikaandikwa kwenye leja kana kwamba ni malipo yaliyopokelewa. Salio likashuka kwa milioni 24. Tarehe 4 Desemba zikarudishwa kwa maelezo "hundi imeahirishwa". Mwisho wa Desemba zikaandikwa tena, na mwezi uliofuata tena, hadi Juni 2024. Hazikuwahi kupelekwa benki. Mteja aliomba zisipelekwe kwa sababu akaunti yake ilikuwa kavu, akaahidi kulipa taslimu kidogo kidogo. Baadaye, fedha taslimu ilipokwishaliwa, afisa mwenyewe ndiye asingethubutu kuzipeleka. Mteja aliyelipa milioni 11.2 akikatwa tena milioni 24 angepiga kelele mpaka Dar es Salaam.

Hundi hizi zilifanya jambo la pili, na hili naona ndilo baya zaidi. Malipo yanapoandikwa, mfumo huyafungamanisha na ankara za zamani, zikahesabika zimelipwa. Malipo yanaporudishwa, deni linarejea kama muamala mpya wenye tarehe ya siku ya kurudishwa. Kwa hiyo milioni 24 za Novemba zilizaliwa upya kila tarehe 4. Kwenye mchanganuo wa umri wa madeni zilikaa daima kwenye safu ya siku 0 hadi 30. Akiba ya madeni mabaya inayokokotolewa kwa umri ikawa ndogo kuliko inavyotakiwa, na mkaguzi wa nje akapewa jedwali lenye afya. Kipimo chake ni rahisi: usiupokee mchanganuo wa umri kama ulivyochapishwa. Chagua wateja kadhaa, rudi kwenye tarehe ya ankara halisi, piga hesabu ya siku kwa mkono. Halafu orodhesha malipo yote yaliyoandikwa siku tatu za mwisho wa mwezi na kurudishwa wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata. Orodha hiyo ikiwa tupu, sawa. Ikiwa na jina moja linalojirudia miezi saba, hapo unahitaji kikao cha faragha.

Katika zile ankara nne za tarehe 14 Novemba, moja mwenye duka aliikana katakata. Mifuko 600 ya saruji kwa shilingi 16,000, jumla milioni 9.6. Alisema siku ile alipokea nondo na mabati, saruji hakuiona. Hati ya kupokelea mzigo ilikuwa na saini, lakini haikuwa na muhuri wa duka, wakati hati nyingine zote za mteja huyo zina muhuri. Saini peke yake ni ushahidi dhaifu, yeyote anaweza kuchora mkia wa mjusi.

Ushahidi imara zaidi ulikuwa barabarani. Mifuko 600 ya kilo 50 ni tani 30. Lori la tani 30 haliendi Morogoro bila kupita mizani ya Vigwaza. Faili la usafirishaji lilikuwa na karatasi za mizani kwa safari zote za lori lile mwezi huo, isipokuwa hiyo. Kitabu cha mafuta nacho kilionyesha lori halikutoka jiji siku ile. Stoo ilitoa saruji kweli, geti liliiandika ikitoka, lakini haikufika kwa aliyetozwa. Mkaguzi wa madeni anayebaki ndani ya leja ya wadaiwa asingeweza kuliona hili. Inabidi aende kwa watu wa geti na madereva, ambao hawajui lugha ya ukomo wa mkopo lakini wanajua lori lililala wapi.

Fomu ya awali ya mkopo, ya Februari 2022, nilifika kwake mwisho kabisa. Ilikuwa na leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, wadhamini wawili na saini zote. Haikuwa na kasoro kubwa. Laiti ningeanzia hapo, ningehitimisha kwamba udhibiti wa mikopo wa kampuni hii ni mzuri.

Upande wa kodi nao unabadilika kutegemea faili linasema nini. Sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania inaruhusu deni baya litolewe kwenye mapato ya mfanyabiashara wa kawaida pale tu alipochukua hatua zote za msingi kudai na anaamini kwa sababu za msingi kwamba hatalipwa. Barua tatu zilizotengenezwa mchana mmoja si hatua za kudai. Kenya imeandika vigezo kwa urefu zaidi kwenye mwongozo wa 2011: haki ya kudai iwe imepotea kwa amri ya mahakama, dhamana isiuzike au imeuzwa isitoshe, mdaiwa awe amefilisika, gharama ya kudai izidi deni lenyewe, au juhudi ziwe zimeachwa kwa sababu nyingine ya msingi. Mkaguzi wa upande wowote wa mpaka anaweza kuchukua vigezo hivyo na kuuliza kila deni lililofutwa linaangukia wapi. La Morogoro halikuangukia popote.

Ripoti ilipoandikwa, mabishano makubwa hayakuwa juu ya nani kafanya nini. Hilo liliachiwa wachunguzi, na mkaguzi wa ndani si polisi. Mabishano yalikuwa juu ya kiasi. Idara ya fedha ilitaka kurejesha milioni 38.4 zote kwa jina la mteja na kumdai upya, jambo ambalo lingekuwa kosa la pili juu ya la kwanza. Deni lile lilikuwa vitu vitatu vilivyovaa jina moja. Milioni 9.6 ni mauzo ambayo hayakutokea kwa mteja huyu: ankara ifutwe, saruji ihesabiwe kama upotevu wa mali, na ile kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 iliyomo ndani yake, takriban shilingi milioni 1.46, ipelekwe kwa mshauri wa kodi ili ashughulikie namna ya kuirekebisha. Milioni 11.2 mteja alikwishazilipa, na anayedaiwa sasa ni aliyezipokea. Zinahamia akaunti nyingine kabisa, pamoja na madai kwa kampuni ya bima kama kuna bima ya uaminifu wa wafanyakazi.

Zilizobaki ni milioni 17.6. Hizo ndizo deni la kweli, na mwenye duka hakuwahi kuzikana. Alisaini hati ya kukiri deni mbele ya wakili, kulipa kwa miezi 11 kwa milioni 1.6 kila mwezi, kwenye akaunti ya benki ya kampuni tu. Kukiri huko kwa maandishi kuna faida ya kisheria, kwa kuwa ile miaka 6 ya kudai inaanza kuhesabiwa upya tangu siku ya saini. Nakala moja ya hati alibaki nayo. Aliikunja, akaiweka ndani ya lile daftari lake la shule, kisha akauliza kama stetimenti za kila mwezi sasa atatumiwa na nani.